Betri inasoma ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kukadiria chaji kwa volti peke yake

Maswali haya ni yale yanayorudi kila wiki kutoka kwa watu wenye betri moja au mbili za sola: wenye vibanda vya kuchaji simu Nakivale, vinyozi wa Mpondwe, wenye kumbi za video, na watu wa Kampala walioweka inveta kwa sababu umeme hukatika. Majibu yanahusu betri za risasi na asidi za volti 12. Mwenye betri ya lithiamu aruke moja kwa moja hadi swali la 14, asipoteze muda.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini volti inaweza kuniambia chaji iliyobaki?

Kwa sababu volti ya betri iliyotulia inafuata ukali wa asidi iliyo ndani yake. Betri inapotoa moto, asidi inaingia kwenye pleti za risasi na kuacha maji. Kadiri unavyotumia, ndivyo mchanganyiko unavyozidi kuwa mwepesi, na volti inashuka taratibu. Unapochaji, asidi inatoka kwenye pleti na kurudi kwenye mchanganyiko.

Mafundi wana kanuni fupi inayounganisha vitu hivi viwili. Chukua namba inayosomwa na haidromita, kipimo cha ukali wa asidi, uiite SG, ongeza 0.84, kisha zidisha kwa 6, maana betri ya volti 12 ina seli sita:

```
V = 6 × (SG + 0.84)
```

Haidromita ikisoma 1.265, unapata volti 12.63, na hiyo ni betri iliyojaa. Ikisoma 1.200, unapata 12.24, na hiyo imefika nusu. Ukielewa kwamba volti ni habari za asidi tu, majibu mengi yanayofuata utaweza kuyakisia mwenyewe.

2. Namba zenyewe ni zipi?

Kwa betri ya maji, ile yenye vifuniko vya kufungua, ikiwa imepumzika na haina kitu kinachoivuta wala kuichaji:

| Volti | Chaji iliyobaki |
|---|---|
| 12.65 | imejaa |
| 12.45 | robo tatu |
| 12.25 | nusu |
| 12.05 | robo |
| 11.90 | imekwisha |

Betri zilizofungwa, zile ambazo wengi huziita "kavu", husimama juu kidogo. Ikijaa husoma 12.8 au 12.9. Tumia karatasi ya mtengenezaji ukiipata. Usipoipata, chaji betri yako mpaka ijae kweli (swali la 8), ipumzishe usiku kucha, usome, na hiyo namba iandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri. Itakufaa kuliko jedwali lolote.

Sasa tazama tena jedwali. Kutoka kujaa hadi kwisha ni robo tatu ya volti tu. Sehemu moja ya kumi ya volti ni zaidi ya asilimia kumi ya chaji. Ndiyo sababu mtu anayesema "betri yangu ina kumi na mbili" hajakwambia kitu.

3. Vile vijiti vinne kwenye kontrola ya sola havitoshi?

Havitoshi. Kontrola nyingi za bei rahisi huchora vijiti kwa kufuata volti ya wakati huohuo, bila kujali kama jua linawaka au mashine ya kunyolea inavuta. Mchana vitajaa vyote kwa sababu paneli inasukuma. Jioni ukiwasha mzigo, viwili vinapotea dakika hiyohiyo, na mwenye kibanda anaanza kumlaumu fundi. Kontrola inayoonyesha namba inafaa zaidi, ingawa nyingi huonyesha tarakimu moja tu baada ya nukta, na umeshaona sehemu moja ya kumi ina uzito gani.

4. Nitumie mita gani, na niishikeje?

Mita ya kawaida ya kidijiti inatosha. Iweke kwenye `DCV 20`, mguso mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Gusa risasi ya kichwa cha betri chenyewe. Usiguse kibanio, boliti, wala waya ulio karibu. Kama kichwa kimeota ule ungaunga wa kijani au mweupe, kikwangue kwanza.

Mita za bei nafuu huwa na kosa la karibu nusu asilimia na tarakimu moja au mbili za mwisho. Kwenye volti 12.5 hiyo ni kama 0.08 juu au chini, yaani karibu asilimia kumi ya chaji. Hakuna ubaya, mradi utumie mita ileile kila siku, kwa sababu kosa lake nalo litakuwa lilelile. Ila betri ndogo ya ndani ya mita ikichoka, mita nyingi huanza kusoma juu kuliko ukweli. Ukiona alama ya betri kwenye kioo chake, badilisha kabla hujaamini chochote.

## Kupumzika na kubeba mzigo

5. Nikiwasha mzigo volti inashuka, nikizima inapanda. Ipi ni ya kweli?

Zote ni za kweli. Ila ile ya kupumzika ndiyo inayozungumzia chaji, na ile ya mzigo imechanganya mambo matatu kwa pamoja.

La kwanza ni ukinzani wa ndani. Pleti, viungo kati ya seli, na asidi yenyewe vinazuia mkondo kidogo. Ampea zikipita, volti fulani inapotea hapo, na inapotea papo hapo. Ukizima, inarudi papo hapo. Hii ndiyo ile ruka ya ghafla unayoiona kwenye mita.

La pili, na kwa kawaida ndilo kubwa zaidi kwenye matumizi ya nyumbani, ni asidi iliyo ndani ya vitundu vya pleti. Pleti si bati laini. Ina vitundu vidogo mno, na kazi inafanyika humo. Mzigo ukivuta, asidi ya ndani ya vitundu inaliwa haraka kuliko ile ya nje inavyoweza kupenya kuijaza. Volti inafuata asidi iliyogusana na pleti, kwa hiyo inasoma udhaifu wa vitunduni wakati nje bado kuna asidi nyingi. Ukizima mzigo, asidi ya nje inapenya polepole na volti inapanda polepole, kwanza kwa dakika, kisha kwa saa.

La tatu ni nguvu ndogo inayohitajika kuisukuma kemikali yenyewe ifanye kazi kwa mwendo uliotaka. Hii hutokea hata kwa mzigo mdogo, na huisha upesi ukizima.

6. Betri ilizima usiku, asubuhi nikaipima ikasoma 12.1 na jua halijatoka. Imejichaji yenyewe?

Hapana. Hili nimeulizwa mpaka na watu wenye mafunzo ya umeme. Hakuna moto mpya ulioingia. Asidi iliyokuwa nje ya pleti imepenya ndani ya vitundu, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 5. Usiku inveta ilikuwa inaona volti ya mzigo ikazima. Asubuhi wewe unaona volti ya mapumziko.

Ila usidharau kilichotokea. Betri inayosoma 12.1 baada ya kulala inayo robo na ushee. Kwa hiyo inveta haikukosea sana, na ukiwasha tena kwa mzigo uleule itakupa dakika chache kisha izime. Ndiyo maana kontrola nyingi za sola zikikata kwenye kama 11.1 hazirudishi mpaka betri ifike karibu 12.6, kiwango ambacho haikifikii bila jua.

7. Betri ipumzike muda gani kabla ya kupima?

Inategemea imetoka kufanya nini.

Ikitoka kwenye mzigo mdogo, nusu saa inakupa namba ya kufanyia kazi, na saa mbili zinakupa nzuri. Ikitoka kwenye chaji, ngoja zaidi: saa nne kwa uchache, usiku mzima ukiweza. Chaji huacha asidi kali imeganda usoni mwa pleti, na betri iliyofika nusu inaweza kusoma 12.9 au 13 dakika chache baada ya jua kuzama. Mtu akikuuzia betri kuukuu sokoni na kuipima mbele yako mara tu baada ya kuitoa kwenye chaja, jua unachoonyeshwa ni hicho.

Kama huwezi kungoja, ondoa ule uso kwanza. Washa mzigo wa ampea 4 au 5 kwa dakika tano hivi, zima, ngoja nusu saa, kisha pima. Si safi kama kulaza usiku, lakini uongo mkubwa unakuwa umetoka.

Wakati mzuri kuliko wote ni alfajiri, kabla paneli haijaona mwanga, taa zote zimezimwa na inveta imezimwa kwa swichi yake. Inveta iliyowashwa bila mzigo bado hula kidogo.

8. Mchana kontrola inasoma 14.4. Maana yake imejaa?

Maana yake inachajiwa, basi. Kontrola hupandisha volti hadi karibu 14.4 kwa betri ya maji na kuishikilia hapo. Betri inaweza kufika 14.4 ikiwa na robo tatu tu, hasa kama paneli ni kubwa kuliko betri.

Kitu cha kutazama wakati huo ni ampea. Volti ikiwa imeshikiliwa pale juu na ampea zinazoingia zimeshuka hadi 2 au 3 kwa betri ya ampea-saa 100, imejaa. Kama bado inapokea ampea 8, haijajaa hata volti iseme nini. Baadaye kontrola hushuka yenyewe hadi kama 13.6, na hiyo ya kushikilia pia haisemi chaji ni ngapi.

## Kukadiria bila kuzima biashara

9. Siwezi kuzima kibanda saa nne nzima. Naweza kukadiria mzigo ukiwa umewashwa?

Unaweza, kwa betri yako na mzigo wako. Majedwali ya volti za mzigo yanayozunguka kwenye simu yametoka kwenye betri ya mtu mwingine, yenye umri mwingine na ampea nyingine. Jitengenezee namba yako.

Siku betri imejaa na imelala, pima asubuhi. Halafu washa mzigo wako wa kawaida, uleule unaoutumia jioni, ngoja dakika kumi volti itulie, upime tena. Tofauti ndiyo pengo lako. Siku nyingine, mzigo huo ukiwa umewashwa kwa zaidi ya dakika kumi na jua likiwa limezama, soma volti, ongeza pengo, kisha nenda kwenye jedwali la swali la 2.

Pengo huongezeka kidogo betri inapopungua, kwa sababu asidi nyepesi hupitisha umeme vibaya zaidi. Kwa hiyo kadirio lako litaangukia chini kidogo ya ukweli. Mimi napenda hivyo. Mtu anayedhani amebakiwa na kidogo huzima mapema, na betri yake hudumu.

10. Nipe mfano wenye namba.

Chukua kibanda cha kuchaji simu na kunyoa, betri ya maji ya ampea-saa 100, inveta ndogo. Simu zikijaa mezani na mashine moja ya kunyolea inafanya kazi, mita ya kubana waya inaonyesha ampea 10 zinatoka kwenye betri.

Jumapili kibanda hakikufunguliwa na jua lilikuwa kali. Jumatatu alfajiri betri inasoma 12.65. Mzigo unawashwa, na baada ya dakika kumi mita inasoma 12.40. Pengo ni 0.25. Limeandikwa juu ya betri.

Alhamisi mawingu yametanda tangu mchana. Saa mbili usiku, mzigo uleule ukiwa umewashwa, mita inasoma 11.92. Mwenye kibanda anaona kumi na moja na moyo unamruka. Ongeza 0.25: ni 12.17. Kwenye jedwali hiyo iko kati ya robo na nusu, karibu na asilimia 40. Anafunga.

Tazama sasa kinachotokea baada ya kuzima. Papo hapo mita inaruka hadi 12.00, hiyo 0.08 ni ukinzani wa ndani, na ukiigawa kwa ampea 10 unapata miliomu 8, kitu cha kawaida kwa betri ya ukubwa huo. Nusu saa baadaye inasoma 12.12. Baada ya saa mbili, 12.18. Alfajiri, 12.22, yaani karibu na nusu. Kati ya 0.30 iliyorudi, zaidi ya theluthi mbili zimerudi polepole, na huo ndio mwendo wa asidi kupenya kwenye vitundu.

Kadirio la usiku lilisema asilimia 40 na asubuhi ikasema 46 hivi. Kwa mita ya bei nafuu na bila kuzima biashara, sijui nani angetaka zaidi.

11. Inveta inapiga kelele lakini betri ina nusu. Imeharibika?

Mara nyingi ni mzigo mkubwa na waya mwembamba. Tuseme ukumbi wa video una betri ileile ya mfano wa juu, na televisheni pamoja na spika vinavuta ampea 40. Pengo la 0.25 lilikuwa la ampea 10. Kwa 40 linakuwa karibu volti 1, na betri ikiwa nusu linazidi hapo. Kutoka 12.25 unabaki na kama 11.15 kwenye vichwa vya betri.

Halafu kuna waya. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, mita mbili kwenda na mbili kurudi, unakula karibu 0.47 kwa ampea 40. Inveta inaona 10.7 hivi. Nyingi hupiga kelele karibu na 11 na kukata karibu na 10.5, kwa hiyo yako inafanya kazi iliyowekewa.

Jaribio ni rahisi. Mzigo ukiwa umewashwa, pima kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye skurubu za inveta. Tofauti ikizidi robo ya volti, fupisha waya, nunua mnene zaidi, na kaza vibanio. Kibanio kilicholegea utakijua hata kwa mkono: kitakuwa na joto.

## Pale volti inapodanganya

12. Betri inasoma 12.6 kila asubuhi lakini haimalizi jioni. Chaji inaenda wapi?

Volti inakwambia sehemu iliyobaki ya kile betri inachoweza kubeba. Haikwambii inabeba kiasi gani. Betri ya ampea-saa 100 iliyoachwa mara kwa mara bila kujaa huota salfeti ngumu kwenye pleti. Sehemu hiyo haifanyi kazi tena. Inaweza kuwa imebakiwa na uwezo wa ampea-saa 40 na bado ikajaa hadi 12.6.

Dalili zake ziko kwenye mwendo. Asubuhi inafika 14.4 upesi mno baada ya jua kutoka, na jioni pengo lako (swali la 9), lililokuwa 0.25, limekuwa 0.5 kwa mzigo uleule. Ukitaka uhakika, chukua betri iliyojaa, weka mzigo unaoujua, tuseme ampea 5, na hesabu saa mpaka ifike 11.7 ikiwa na mzigo. Betri nzima ya ampea-saa 100 inapaswa kuvuka saa kumi bila shida. Ikiishia saa nne, umepata jibu. Ichaji mara moja baada ya jaribio, usiilaze tupu.

Ikichajiwa siku nzima na ikalala ikisoma karibu 10.5, hilo ni jambo jingine: seli moja imekufa, zimebaki tano. Hapo hakuna cha kukadiria.

13. Niliongeza "maji ya betri" na sasa inasoma juu kuliko zamani. Imepona?

Angalia chupa. Madukani kuna maji safi yaliyotoneshwa, na kuna asidi, na watu wengi huziita zote kwa jina moja. Ukiongeza asidi mahali palipohitaji maji, mchanganyiko unakuwa mkali, na kwa ile kanuni ya swali la 1 volti inapanda. Chaji haijaongezeka hata chembe, pleti zinaliwa haraka zaidi, na jedwali lako halifanyi kazi tena kwa betri hiyo. Betri ya maji inayopungua hupoteza maji. Irudishiwe maji yaliyotoneshwa, baada ya kuchaji, na usubiri chaji moja nyingine kabla ya kuipima ili yachanganyike.

Betri ambayo maji yameshuka hudanganya kwa njia hiyohiyo: asidi ileile katika maji machache, volti juu.

Kuna na udanganyifu wa kinyume. Betri zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto mara nyingine hujazwa asidi nyepesi, ya kama 1.240, ili zidumu. Ikijaa kabisa itasoma karibu 12.5, na mwenye jedwali la kawaida atasema haijai. Ndiyo faida ya ile namba ya kwanza uliyoiandika juu ya betri.

Mwisho, betri ya maji isiyojaa kwa wiki nyingi hutenganisha asidi: nzito inazama chini kama sukari isiyokorogwa kwenye chai. Pleti za chini zinagusa asidi kali, na volti inasoma juu kuliko chaji ilivyo. Haidromita, inayonyonya kutoka juu, inasoma chini. Vipimo viwili vikipingana hivyo, ipe chaji kamili mpaka itoe mapovu kwenye seli zote. Mapovu ndiyo yanayokoroga. Fungua madirisha na usiwashe kiberiti karibu, gesi hiyo ni haidrojeni.

14. Jedwali hili linafaa kwa lithiamu?

Halifai kabisa. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma hukaa karibu na 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kisha huanguka ghafla mwishoni. Kwa hiyo tumia kioo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

15. Joto la Arua na baridi la Kabale vinabadilisha namba?

Kwa volti ya mapumziko, ni kidogo mno kwa hali ya hewa ya Uganda. Tofauti ya nyuzi kumi inasogeza betri ya volti 12 kwa 0.01 au 0.02 ya volti, na mita yako haiwezi hata kuliona hilo vizuri. Baridi huonekana zaidi kwenye mzigo, kwa sababu ukinzani wa ndani huongezeka, na kwenye volti ya kuchajia, ambayo inatakiwa ipande kidogo. Mwenye kibanda cha Kabale atengeneze pengo lake asubuhi ya kawaida ya huko, asikopi la rafiki yake wa Arua.

16. Nina betri mbili. Nipime vipi?

Zikiwa sambamba, chanya kwa chanya, zitasoma volti moja kwa sababu zimeshikana. Mbovu inanyonya nzima usiku kucha na mita haioni chochote. Zitenganishe jioni, zilale kila moja peke yake, uzipime alfajiri. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.1, chaji kila moja kivyake mpaka ijae, rudia, na ile inayoshuka tena ndiyo mgonjwa.

Zikiwa mfululizo kwa ajili ya inveta ya volti 24, usisome jumla tu. 25.0 inaweza kuwa 12.5 na 12.5, au 12.7 na 12.3. Hiyo ya 12.3 itafika chini kwanza kila siku, na inveta inayotazama jumla haitaiona mpaka iwe imechelewa. Pima kila moja ikiwa imepumzika, halafu pima tena zikiwa na mzigo. Zikilingana asubuhi na kutofautiana kwa mzigo, yenye pengo kubwa ndiyo ya kubadilishwa, na ukibadilisha, mpya isifungwe pamoja na kuukuu kama mfuko unaruhusu.

17. Na betri ya boda?

Jedwali la kupumzika ni lilelile, ila kazi yake ni nyingine. Betri ndogo ya pikipiki inaweza kusoma 12.5 na isiwashe injini. Ishike mita kwenye vichwa huku mwenzako akibonyeza stata: isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikianguka hadi 7 au 8 na ilikuwa imelala na 12.5, hiyo imekwisha. Ikiwa ililala na 12.0, ichaji kwanza, kisha urudie. Injini ikishawaka, mita isome karibu 14 ukiongeza mafuta, ikibaki 12.4 na kuendelea kushuka, betri haina kosa, kinachochaji ndicho hakichaji.